Utani ukae wapi kwenye barua ya kuomba radhi?

*Shikamoo anti. Nina mpenzi wangu, tuna miezi minane, na tunafanya kazi ofisi moja. Jumamosi tulikuwa tunatembea, mara tukakutana na kaka yangu mkubwa. Nikamwachia mkono, nikasema, "Huyu ni mwenzangu wa kazini." Tukaongea na kaka kama dakika kumi, tukaagana. Nia yangu ilikuwa nije nimtambulishe nyumbani kwa heshima, siyo barabarani, lakini yeye anaona namficha. Tangu siku hiyo kila nikimwandikia ananijibu "sawa" tu. Nataka kumwandikia barua ya kuomba radhi, ila isiwe ya kulialia, maana sisi ni watu wa kutaniana. Mimi humwita Mkaguzi kwa sababu kosa la tahajia halimpiti. Nimejaribu, nimekuwekea hapa chini. Mbona inasomeka vibaya?*

*"Mkaguzi wangu, asali wa moyo, ua lisilonyauka. Najua umenuna, na ukinuna unapendeza zaidi, sasa sijui nikuombe radhi au nikuache hivyohivyo nifaidi, hahaha! Kama nilikukwaza kwa yale yaliyotokea juzi, naomba unisamehe, lakini ungejua nia yangu usingekasirika. Mimi nilikuwa nakuheshimu. Tafadhali nijibu leo, siwezi hata kulala. Wako milele."*

Marahaba, mwanangu.

Inasomeka vibaya kwa sababu inaomba radhi kwa jambo moja wakati mwenzako ameumizwa na jingine. Wewe akili yako yote iko kwenye ile sentensi ya "mwenzangu wa kazini", na ndiyo maana unajitetea kwa nia. Mimi nilipokusoma nilisimama kwenye maneno mawili uliyoyapita mbio: "nikamwachia mkono". Sentensi yako ina pa kujishikiza, kwa kuwa ni kweli mnafanya kazi pamoja. Mkono hauna. Ulikuwa umeushika, kaka akatokea, ukauachia, na yeye akausikia ukiachwa kabla hujafungua mdomo. Kilichofuata ni dakika kumi ambazo kwako yalikuwa mazungumzo na kaka. Kwake zilikuwa dakika kumi za kusimama pembeni akiigiza mfanyakazi mwenzako, akitabasamu, akijibu "kazi zinaenda vizuri, asante", bila kuambiwa mapema kwamba anaigiza.

Katika kutoelewana kwa namna hii kuna mafungu mawili, na barua nyingi ninazoletewa huharibika kwa kuyachanganya. Fungu la kwanza ni kwa nini ulifanya. Hapo ndipo alipokosea kukuelewa: alidhani unamwonea aibu, kumbe ulikuwa na mpango wako. Fungu la pili ni ulichofanya, na hapo hajakosea hata kidogo. Aliona alichokiona. Mtu akijiona ameeleweka vibaya hukimbilia fungu la kwanza, kwa sababu huko ndiko anakoonekana mwema, na barua yote inageuka kuwa ombi la kurekebisha picha yake. Msomaji anabaki na mkono wake ulioachwa, hakuna aliyeutaja. Kwa hiyo radhi unaiomba kwa fungu la pili, waziwazi na kwa ukamilifu. Fungu la kwanza unalipa sentensi moja, mbili zikizidi, na linakuja baadaye.

Kabla hujashika kalamu kuna simu ya kupiga. Mpigie kaka yako umwambie kwamba siku ile ulimdanganya, yule ni mpenzi wako. Basi. Usipange naye siku ya kuja nyumbani, usimwombe atume salamu, usimfanye mjumbe. Nasema hivi kwa sababu barua isiyo na jambo lililokwisha kutendwa ina ahadi tu, na ahadi ya mtu aliyekuachia mkono Jumamosi haina uzito mkubwa Jumanne. Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichunguza vipengele sita vya kuomba radhi, wakiwauliza watu ni kipi kinachofanya radhi ikubalike. Kukiri kwamba kosa ni langu kuliongoza. Kuahidi kutengeneza kilichoharibika kukafuata. Cha mwisho kabisa kilikuwa kuomba usamehewe. Sasa itazame barua yako: kukiri hakumo, kutengeneza hakumo, na kuomba kusamehewa ndiko kulikokaa katikati kama mwenye nyumba.

Kuna na suala la wakati. Watu wengi hudhani radhi inayowahi ndiyo bora, na kwa kumkanyaga mtu mguu ni kweli. Kwa jambo lililomkaa mtu rohoni si hivyo. Watafiti Cynthia Frantz na Courtney Bennigson walionyesha mwaka 2005 kwamba radhi iliyokuja baadaye kidogo iliridhisha zaidi kuliko iliyowahi, kwa sababu aliyekosewa alikuwa amepata nafasi ya kusema na kuhisi kwamba ameeleweka. Wako hajasema kitu. Hiyo "sawa" yake ni mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo. Huwezi kumlazimisha aseme, lakini unaweza kuandika barua inayoonyesha kwamba umejaribu kusimama pale aliposimama yeye, na yenye sentensi inayomruhusu kukusahihisha pale ulipokisia vibaya. Kwa mtu unayemwita Mkaguzi, ruhusa ya kusahihisha si jambo dogo.

Sasa tuipitie barua yako, na usinune.

"Asali wa moyo, ua lisilonyauka." Haya ni maneno ya mtu yeyote kwa mtu yeyote. Hayana ubaya siku ya amani, lakini mtu aliyekasirika huyasoma kama yamenakiliwa mahali, na mara nyingi yamenakiliwa kweli. Tayari una jina ambalo hakuna mwingine duniani anayemwita. Anza nalo peke yake, bila hata "wangu". Leo huna uhakika wa kuliongeza hilo.

"Ukinuna unapendeza zaidi." Hapa ndipo ningeichana. Najua ulikusudia uchokozi, na siku nyingine angecheka. Ila tazama sentensi inafanya nini: inachukua hasira yake, ambayo ina sababu, na kuigeuza pambo la kukufurahisha wewe. Unamwambia kwamba kuumia kwake unakutazama kwa macho, hujakusikia. Kisha unaongeza "nifaidi". Mwanangu!

"Kama nilikukwaza kwa yale yaliyotokea juzi." Ukiweka sharti, umeacha mlango wa kwamba huenda hukumkwaza, na yeye yuko hapo amekwazika. "Yaliyotokea" nayo yanatokea yenyewe, kama mvua. Jumamosi hakuna kilichotokea chenyewe. Kuna mtu aliyeachia mkono, na ana jina.

"Lakini ungejua nia yangu usingekasirika." Soma polepole: kosa limehama. Tatizo sasa ni kwamba yeye hakujua. Hata kama ni kweli, anayestahili kulisema hilo ni yeye, siku akipenda. Ukilisema wewe linakuwa hukumu.

"Nijibu leo, siwezi hata kulala." Umempa deni na muda wa kulipa. Aliyeumizwa anaombwa amtulize aliyeumiza, tena leo. Watu huliandika hili wakidhani ni ushahidi wa mapenzi, na mapenzi kweli yamo, lakini matunzo yanayoombwa ni yako.

Umeona kwamba sijakukataza utani wenyewe. Utani si kosa. Ungeandika barua kavu ya huzuni tupu kwa mtu mliyezoea kuchokozana, angeiona ngeni, labda hata ingemtisha kwamba mmekwisha. Shida ya utani wa kwenye karatasi ni kwamba unasafiri bila sauti yako. Watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilipima jambo hili mwaka 2005. Waliwapa watu sentensi za kweli na za kejeli wazitume kwa barua pepe, wakawauliza ni mara ngapi wapokeaji watatambua ipi ni ipi. Watumaji walitaraji karibu mara nane katika kila kumi. Wapokeaji walipatia mara chache tu zaidi ya nusu, ambayo ni kama kurusha sarafu. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani akidhani imo kwenye maneno. Na hao walikuwa watu wasio na ugomvi. Mtu aliyeudhika husoma kila sentensi yenye njia mbili kwa ile njia mbaya.

Kwa hiyo utani wako upitishe kwenye mtihani huu: usome kwa sauti ya mtu aliyenuna, tena mwenye haki ya kununa. Sauti baridi, bila tabasamu. Ukibaki hauna madhara, uache. Ukichoma, utoe, hata kama ndio uliokuchekesha zaidi. "Ukinuna unapendeza" kwa sauti hiyo ni dharau. "Naomba nirudishwe kwenye kipindi cha majaribio" kwa sauti hiyohiyo ni mtu anayejishusha, haiumizi popote. Tofauti ni nani anayechekwa. Utani wa barua ya radhi humwangukia anayeomba. Haumwangukii anayeombwa, wala haugusi tukio lenyewe. Usicheze, kwa mfano, na "mwenzangu wa kazini" kwa kuandika "mpendwa mfanyakazi mwenzangu" juu ya barua. Najua lilikupitia kichwani, kila aliyewahi kuniletea kisa cha namna hii lilimpitia. Litakuja kuwa kichekesho chenu, lakini mwenye haki ya kulianzisha ni yeye.

Mahali nako kuna uzito. Utani ukitangulia radhi, radhi inayofuata inaonekana sehemu ya mchezo. Utani ukichomekwa katikati ya radhi, unaonekana umeshindwa kuvumilia uzito ukakimbia. Radhi ikiisha kabisa, sentensi yake ya mwisho ikawekwa nukta, kaka akatajwa, na yeye akapewa nafasi yake, hapo unaweza kuvuta pumzi ukawa wewe. Mimi hupenda kuacha mstari mmoja mtupu kabla ya hapo.

Na uchokozi wa kimapenzi, huo niuseme wazi kwa sababu wengi huukosea kwa namna moja. Hausifii umbo lake. Haugusii chumbani. Mtu aliyehisi amefichwa akisoma kwamba unamtamani, anasikia kwamba unamtaka pale pasipo na watu, na ndilo hasa alilokuwa akilihofia. Uchokozi unaofaa hapa ni wa kumkosa: kitu kidogo mnachokifanya pamoja ambacho sasa hakifanyiki, na kujiweka chini ya amri yake kidogo, kwa njia ya kufurahisha.

Nimekuandikia mfano. Usiunakili neno kwa neno, kwa sababu atakujua. Angalia ulivyopangwa, kisha useme kwa mdomo wako.

*Mkaguzi,*

*Jumamosi, kaka alipotokea, nilikuachia mkono. Halafu nikakutambulisha kama mtu ninayefanya naye kazi tu, na kwa dakika kumi nzima nikakuacha usimame pale ukiigiza mtu ambaye si wewe. Sikukuuliza, sikukupa hata ishara. Ulitabasamu, ukamjibu kaka kwa adabu, ukabeba peke yako aibu niliyoileta mimi. Nimekukosea. Naomba radhi.*

*Nilikuwa na picha kichwani ya siku ya kukupeleka nyumbani, nikaogopa kuiharibu barabarani. Hiyo ndiyo sababu, na haipunguzi kitu. Ningeweza kusema "huyu ni mpenzi wangu" na siku ile ingebaki palepale.*

*Jana usiku nilimpigia kaka. Nimemwambia kwamba nilimdanganya, na kwamba wewe ni mpenzi wangu. Sijapanga naye jambo lingine lolote. Mkutane lini, au msikutane kwanza, hilo ni lako kuamua.*

*Huenda kuna lililokuuma zaidi ambalo sijaliona. Siku ukitaka kuniambia, nitasikiliza bila kujitetea.*

*Sasa, kuhusu cheo changu. Nimekaa nikajitathmini, nikaona sistahili kuendelea kama mpenzi kamili. Naomba nirudishwe kwenye kipindi cha majaribio, chini ya usimamizi wako wa karibu. Karibu sana, ukiona inafaa. Masharti panga wewe. Ya jioni nitayatia sahihi bila kuyasoma. Alafu mkono wangu wa kulia unaomba kuripoti kwamba tangu Jumamosi hauna kazi ya maana.*

*Usione haraka ya kunijibu.*

*Wako wa majaribio*

*Nyongeza: humu ndani kuna kosa moja la tahajia. Nimeliacha makusudi, maana najua halitakupita.*

Sentensi ya kwanza ina mkono. Hakuna "natumai u mzima", hakuna utangulizi. Akifungua karatasi, ndani ya sekunde chache ajue kwamba umeona alichokihisi. Mara nyingi barua inashinda au inashindwa hapo, kwa sababu kila kinachofuata atakisoma kwa moyo aliopewa na mstari huo. Tazama pia vitenzi: nilikuachia, nikakutambulisha, nikakuacha. Vyote vina mtenda, na mtenda ni wewe. Aya hiyo haina neno moja la kulia wala la kujiita mjinga. Kujitukana kwenye barua ya radhi hufanana na unyenyekevu, lakini humlazimisha msomaji aanze kukupoza, "hapana, wewe si mbaya", na kazi hiyo si yake leo.

Aya ya pili ndiyo yote ninayokuruhusu kwa upande wa nia. Ina sababu, na papo hapo ina sentensi inayoivunja isije ikageuka kinga. Hii ya "ningeweza kusema" ni ya thamani kwa sababu inaonyesha kwamba umekirudia kile kisa kichwani ukatafuta njia nyingine, ukaiona ilikuwepo. Msamaha wa kubahatisha hauna sehemu hiyo.

Ile ya kaka iandike tu ikiwa imeshafanyika. Kama kaka hajapokea simu, subiri apokee.

Kipande cha majaribio nimekitoa kwenye maisha yenu ya ofisini, kwa hiyo hakitembei mbali na kisa. Hata hivyo kinapita mtihani wa sauti baridi, kwa kuwa anayeshuka cheo ni wewe. "Usimamizi wa karibu" ndio uchokozi, na uangalie kwamba mara moja unafuatwa na "ukiona inafaa". Umesogea hatua moja, ukasimama, ukamwachia yeye hatua ya pili. Kuchokoza mtu aliyeumia ni hivyo tu. Ukisogea mbili, umeanza kumbembeleza kwa nguvu.

Kuhusu mkono wa kulia nilisita kidogo. Mkono ndio kidonda, na nimetoka kukuambia utani usiguse kidonda. Nimeuacha kwa sababu mbili. Umeshatajwa kwa uzito kwenye mstari wa kwanza, kwa hiyo hapa haufichi kitu. Na mkono unaotaniwa ni wako, ule uliokosa, sasa umekaa bila kazi. Ila wewe ndiye unayemjua. Kama alilia siku ile, au kama aliutoa mkono wako mlipokuwa mnaagana, futa mstari huo. Barua inasimama bila huo. Ukiufuta, kosa lako la tahajia lihamishie kwenye sentensi nyingine ya kipande hichohicho.

Maana hilo kosa ndilo ninalolipenda kuliko yote humu. "Halafu" aya ya kwanza imeandikwa sawasawa; ile ya chini imepoteza herufi yake ya kwanza. Ataliona kabla hajafika kwenye nyongeza, nakuhakikishia, na atasonya. Akifika kwenye nyongeza atajua kwamba ulimtarajia asonye. Mzaha huo hausemi kwamba yeye ni mzuri wala kwamba unampenda, lakini unamwambia kwamba unamjua, na mtu aliyetambulishwa kwa jina lisilo lake ana kiu ya hicho hasa. Tena unampa kitu chepesi cha kujibu. Mtu aliyenuna hushindwa kuandika si kwa sababu hataki tu, bali pia kwa sababu jibu lolote linaonekana kama kusamehe. Kusahihisha tahajia si kusamehe. Anaweza kulifanya akiwa bado na hasira, na heshima yake ikabaki. Usiliweke kosa hilo kwenye aya za radhi lakini. Huko kosa dogo linaonekana uzembe, na kwa Mkaguzi uzembe kwenye sentensi ya "nimekukosea" ni kosa la pili.

Jumla barua hii haifiki kurasa mbili za mwandiko wa kawaida. Ikirefuka, ukiitafuta sababu utaikuta kwenye aya ya pili, huko ndiko maneno yanakopenda kuzaana. Kata huko.

Iandike kwa mkono. Mwandiko unaonyesha kwamba uliketi, ndiyo, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: ujumbe wa simu unaonyesha kama umesomwa na umesomwa saa ngapi, na hilo linawatesa nyote wawili. Wewe utakodolea macho alama, yeye atajua unakodoa. Karatasi anaisoma anapotaka, mara anazotaka, na wewe hujui. Usimpe ofisini, hata mkiwa wawili tu, kwa sababu akitoka hapo lazima arudi mezani kwake avae tena uso wa kazi, na uso huo ndio uliomvisha Jumamosi. Usimtumie mtu. Mpe mwenyewe mahali ambapo kila mmoja anaenda zake, ukisema neno moja, "nimekuandikia", uondoke. Usisimame uone anavyosoma.

Baada ya hapo usiulize "umesoma?". Kazini endelea kumsalimia kama unavyomsalimia siku zote, wala usijifanye mnyonge ili aone.

Akijibu kwa kusahihisha tahajia tu, usirukie kusema "kwa hiyo umenisamehe?". Jibu kwa kipimo chake: "Nimepokea masahihisho, mkuu," uishie hapo. Atakayefungua zaidi ni yeye. Akijibu kwa hasira, kurasa mbili za hasira, usihuzunike. Huyo ameacha kusema "sawa", na ndicho kile Frantz na Bennigson walichokiona kinahitajika. Hapo utani uufunge kabisa. Nenda, kaa, sikiliza, na aliloliona ambalo hukuliona ulirudie kwa maneno yako ili ajue limefika. Hata akitania yeye katikati ya hasira, cheka kidogo, usimjibu kwa utani mwingine.

Akikaa kimya, ngoja. Ikipita wiki hivi, mwandikie mstari mmoja tu, usio na utani wala swali: kwamba barua bado ina maana ileile, na kwamba ukimya wake unauheshimu. Baada ya mstari huo usiongeze mwingine.

Mambo mawili yataifanya barua hii isifae. La kwanza ni kama hii si mara ya kwanza. Kama uliwahi kumwachia mkono mbele ya rafiki, au kumwita "mtu fulani" kwenye simu akisikia, basi alilokusomea si tukio, ni mwenendo, na mwenendo hauombewi radhi kwa kipindi cha majaribio na kosa la tahajia. Katika hali hiyo kata kila kitu kuanzia "Sasa, kuhusu cheo changu", uorodheshe na hizo mara nyingine, na uzungumze naye ana kwa ana. La pili unalijua mwenyewe. Jiulize ukiwa peke yako: kaka angekukuta na mtu ambaye unajua nyumbani watamshangilia, ungeuachia mkono? Kama jibu ni ndiyo, mshtuko tu, kama ulivyosema, andika. Kama unasitasita, kuna jambo kuhusu yeye au kuhusu watu wako ambalo hujaniambia, na huenda hata yeye hujamwambia. Aya ya pili ya mfano wangu itakuwa uongo, na Mkaguzi ataona kwamba picha ile ya kumpeleka nyumbani haina tarehe.

Mpigie kaka leo jioni.